Chakula cha Kiwandani cha Délice

Siku ya mizani Délice alikutwa amepungua. Angebaki vilevile ningevumilia, lakini alipungua, na hakuna kitu kinachonichemsha damu kama mtoto mgonjwa kupungua huku mama yake akitazama sakafu.

Mimi ni Victoire, shangazi yake. Nina butiki kando ya barabara hapa Mulongwe, mjini Uvira, niliyorithi kwa marehemu baba. Mdogo wangu Frédéric, baba wa Délice, ni seremala, na Jumapili anaongoza kwaya ya parokia. Délice ni kitinda mimba wake, binti wa miaka miwili tu. Surua ilimpitia ikamwacha ngozi na mifupa. Hyacinthe, muuguzi wa kituo cha afya, alimfunga utepe wa kupimia mkono, ukaangukia kwenye rangi nyekundu, ya hatari. Akampa zile pakiti za karanga ambazo kila mama wa hapa anazijua: unachana pembe, mtoto ananyonya uji mzito wa karanga, siku nzima, mpaka amalize kipimo chake. Alituambia tukirudi wiki inayofuata tutaona tofauti.

Tofauti tuliiona, ila ilikuwa imegeuza mgongo. Hyacinthe akauliza kama mtoto anakula zile pakiti. Akimana, mke wa mdogo wangu, akasema anakula. Akauliza kama kaka zake wanamnyang'anya. Akimana akasema hapana. Akauliza kama anaharisha, kama ana homa, kama anatapika. Hapana, hapana, hapana, huku anasokota ncha ya kitenge kana kwamba anataka kuichomoa nyuzi. Hyacinthe hakumfokea. Alisema kesho turudi na baba wa mtoto, na hapohapo Délice apewe pakiti tumwone akila. Akila, anaendelea na matibabu ya nyumbani. Akishindwa kula, hawezi kumrudisha nyumbani tena, atampeleka hospitali kubwa alazwe, na huenda akalishwa kwa mpira puani. Mtoto mwembamba namna ile aliyepoteza hamu ya chakula, alisema, anaweza kutuponyoka ghafla.

Nilitoka pale miguu yangu haitulii. Nilimwacha Akimana aende taratibu na mtoto mgongoni, mimi nikakata njia moja kwa moja hadi karakana ya mdogo wangu. Akimana alikuwa anamficha mtu, na mtu huyo angekuwa mumewe tu. Sikubisha hodi. Nilimjua Frédéric tangu akiwa na kamasi. Akificha kitu anakificha pale anapofanyia kazi, kwa sababu hapo ndipo anapodhani hakuna mwingine mwenye akili. Nikapekua nyuma ya mbao, nikapekua chini ya meza, nikapiga teke rundo la maranda kwenye kona. Pakiti zikatokea, karibu zote za wiki ile, hazijachanwa.

Yeye alikuwa anapiga randa mlango. Alisimama, akaiweka randa chini polepole, wala hakukana. Hilo ndilo lililonitisha. Mwizi ukimkamata anatetemeka. Huyu alikuwa na uso wa mtu aliyetenda haki.

Ili mnielewe, lazima niwaambie mambo ya baba. Baba yetu alikufa na ugonjwa wa sukari. Walimkata mguu, kisha macho yakaondoka, kisha yeye mwenyewe. Miaka yote aliketi nyuma ya kaunta ile ninayoketi mimi leo, na kila kiu aliizima kwa soda, na kila njaa kwa biskuti, kwa sababu vilikuwa karibu na mkono. Frédéric ndiye aliyemwogesha mpaka mwisho. Basi wakati fulani mwaka huu kikaja chama fulani kutoka mjini mbali, kikatoa mafunzo kwenye ukumbi wa parokia kuhusu vyakula. Mimi sikwenda, nilikuwa na wateja. Frédéric alikwenda, na alirudi amewaka.

Alitueleza kwamba kuna vyakula vinaitwa, kwa Kifaransa cha mwalimu wao, ultra-transformés: vilivyosindikwa kupita kiasi. Havipikwi, vinaundwa. Kiwanda kinachukua mafuta, sukari, wanga, kinaongeza rangi, harufu, vitu vya kugandisha na kulainisha ambavyo hakuna mama aliye navyo jikoni, kinatengeneza kitu kitamu ambacho mtu hashibi upesi na hakiozi upesi. Utakitambua, alisema, kwa kusoma nyuma ya pakiti: ukikuta msururu mrefu wa majina usiyoyajua, ujue ndicho. Na wanaovila kila siku wanaugua zaidi sukari, presha na unene. Hayo yote, nilikuja kujua baadaye, ni kweli. Tatizo la mdogo wangu ni kwamba ukimpa kijiko cha ukweli anakoroga sufuria nzima. Baada ya wiki hakuna kitu cha kiwandani kilichopita mlango wake. Alitupa vipande vya kutia ladha kwenye mchuzi, sawa. Alitupa unga wa jusi ya chungwa ambayo haijawahi kuonana na chungwa, sawa. Alitupa sardini za kopo. Alitupa nyanya za kopo. Alitupa hata chumvi ya pakiti, eti imetiwa kitu. Akimana akaja kuniomba chumvi kwa siri kama anayeomba tumbaku.

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe yalifika hadi kwenye mdomo wa mtoto anayekufa.

Pale karakanani nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimuuliza kama ameona mikono ya mtoto wake. Aliniambia ameona, ndiyo maana. Aliokota pakiti moja, akaipangusa maranda, akanisomea mgongo wake kwa sauti ya kusoma waraka kanisani: karanga, sukari, mafuta, maziwa ya unga, mchanganyiko wa vitamini na madini, kitu cha kushikanisha mafuta. Kisha akanitazama mimi, yaya wake, yaani dada yake mkubwa.

“Yaya, soma weye mwenyewe. Sukari iko, mafuta iko, unga wa maziwa iko, na hii jina ya mwisho sijaijua. Njo ile kitu yenyewe walitufundisha. Baba ilimuua, na weye unataka nimupe mutoto?”

Nikamjibu kwa muhogo, maana ndio uliokuwa karibu na ulimi. Nikamuuliza bugali anaokula kila siku unatoka wapi. Muhogo mchungu unachimbwa, unamenywa, unalowekwa siku kadhaa mpaka unalainika, unaanikwa, unasagwa kwenye mashine ya mafuta ya mazutu. Huko nako si kusindika? Nikamwambia aache kuuloweka, aule kama Mungu alivyouumba, aone kama ataongoza kwaya Jumapili. Ile sumu iliyomo inaondoka kwa kusindikwa. Na ndagala wanaoanikwa ufukweni, na maziwa mgando yanayotoka kwa wafugaji wa Luberizi, na mawese yanayokamuliwa, yote mkono wa mtu umepita. Kwa hiyo si kila kilichoguswa kimeharibika.

Nilijiona nimesema vizuri sana. Frédéric akatikisa kichwa taratibu, akanipiga pale ambapo sikuwa na ngao.

“Weye unauza,” akasema. “Minye nitakuamini namna gani? Kinywa yako iko mu butiki.”

Kaunta yangu imejaa biskuti, bonboni na ile jusi ya unga, na kabla Frédéric hajavifungia mlango, wageni waliokwenda kumsalimia Délice walinunulia hapo hapo, kwa upendo, kila mmoja pakiti yake. Mtoto alishiba biskuti, bugali ukija akageuza uso. Nyani haoni kundule, na mimi siku hiyo nilionyeshwa langu na mdogo wangu mbele ya mlango ambao haujapigwa vanishi. Nilikasirika zaidi kwa sababu alikuwa na haki nusu. Mtu mwenye kosa zima unamshinda kwa kelele. Mwenye haki nusu anakusumbua.

Basi nikatumia kitu kingine nilichonacho, ambacho hakiuzwi. Kwetu shangazi si mgeni kwa mtoto wa ndugu yake. Mtoto akizaliwa nami nimezaa. Nikamwambia Frédéric kwamba kesho asubuhi anakuja kituoni na pakiti zake zote, ama namchukua Délice leo hii nyumbani kwangu na atakuja kunidai mbele ya ukoo. Aliirudia randa yake. Kisha akasema atakuja, na kwa furaha, kwa sababu ana swali la kumuuliza huyo muuguzi mbele za watu.

Hilo sikulitaka. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Asubuhi nilifungua butiki nikaifunga, nikafungua tena, nikampa mteja mchele alipotaka sabuni. Mwishowe nikafunga kabisa. Upepo ulikuwa unatoka ziwani na vumbi la barabara linanipiga machoni, na mimi natembea mbele ya Akimana nikimhimiza kama ng'ombe. Délice alikuwa mgongoni kwake, kimya. Mtoto mgonjwa anayelia hanitishi. Huyu hata nzi aliyemtua mdomoni hakumfukuza.

Barazani kwa kituo akina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, wengi na watoto wembamba kama wetu, wengine wametembea kutoka kijiji cha Makobola. Kila mmoja alikuwa na pakiti zake kwenye mfuko. Frédéric alifika amevaa shati lake la kwaya. Hakuketi. Alipomwona Hyacinthe anatoka, alinyanyua pakiti juu, akaisoma tena kwa sauti ileile, jina moja baada ya jingine, kisha akauliza kwa nini kituo cha afya kinawapa watoto kitu ambacho wasomi wenyewe wanasema kinaua.

Nikaona mama mmoja akigeuza pakiti yake kutazama nyuma. Kisha wa pili. Wa tatu, aliyekuwa ameanza kumlisha mwanawe, akaichomoa pakiti mdomoni mwa mtoto. Nilimleta mimi mwenyewe hapa. Ningemwacha na maranda yake angeharibu mtoto mmoja tu.

Nilitaka Hyacinthe amkemee. Nilitaka aseme huo ni uongo, atoke na vyeti vyake amzime. Hakufanya hivyo. Alivuta kigoda akaketi mbele ya Frédéric, akaichukua pakiti, akaisoma naye.

“Nitakuambia kweli,” akasema. “Ukifuata ile kanuni walikufundisha, hii iko mu kundi ile. Imetengenezwa ku kiwanda, iko na sukari, iko na kitu ya kushikanisha mafuta. Siwezi kukudanganya.”

Frédéric akageuka kuwatazama watu. Mimi nikatamani ardhi inifunike. Lakini Hyacinthe alikuwa bado anazungumza, kwa sauti ya chini, kiasi kwamba wamama walilazimika kusogea.

Alisema lile jina linaeleza namna chakula kilivyotengenezwa. Ni onyo zuri kwa mtu mzima anayeshinda na soda, na kwa mtoto anayepewa biskuti badala ya bugali na sombe ya majani ya muhogo, na hapo alinitazama mimi, mshenzi yule. Vyakula vingi vya kundi hilo vina chumvi, sukari na mafuta mengi, vinafukuza chakula halisi mezani, na wanaovizoea wanaugua zaidi. Lakini jina halimjui anayekula wala kwa nini anakula. Kuanika, kusaga, kuchachusha, kutia chumvi, hayo ni kusindika, na tungekuwa tumekufa bila hayo. Sardini za kopo ni samaki, mafuta na chumvi, hazistahili kutupwa na biskuti. Na ile chumvi iliyotiwa kitu, hicho kitu ni madini ya kuzuia rovu na kulinda akili za watoto tumboni. Kuitupa ni hasara. Kisha akaishika ile pakiti. Tumbo la Délice sasa ni dogo kama ngumi yake, akasema. Bugali wa muhogo utalijaza bila kumpa cha kujengea mwili. Matembele na ndagala ni vizuri sana, ila angehitaji kula sahani ambazo hawezi kuzimaliza. Hapa vimewekwa karanga, maziwa, mafuta na madini aliyopoteza, kwa kipimo, ndani ya tonge dogo. Hakitaki maji wala moto, kwa hiyo vijidudu havipati pa kuota. Kimepimwa kwa watoto wengi sana na wakapona. Si chakula cha maisha. Mkono ukirudi kwenye kijani anakiacha, anarudi kwenye chungu cha mama yake.

Mama yule wa tatu akamrudishia mwanawe pakiti. Nilipumua. Frédéric hakupumua. Alisema taratibu kwamba hata baba yake aliambiwa soda moja haidhuru.

“Baba yako alikuwa na kitu nyingi mu mwili,” Hyacinthe akamwambia. “Mutoto wako hana kitu. Hawa batu wawili huwezi kuwapa sheria moja.”

Mdogo wangu nilimjua, alikuwa bado anapima, kama anavyopima ubao mara mbili kabla ya kukata, na sisi muda wa kupimia hatukuwa nao. Hyacinthe akasema tumwone mtoto akila.

Akimana akanawa mikono kwa sabuni, akamnawisha Délice, akampakata pembeni ambako hakuna kelele. Kikombe cha maji safi kikawekwa karibu. Akachana pembe, akaminya kidogo kwenye kidole, akamgusisha mdomoni. Kwa mara ya kwanza siku ile nikaona kitu kikisogea kwenye uso wa mtoto. Alilamba. Ulimi ulitoka tena, ukaizungusha ile karanga, na macho yakafunguka. Nikasema moyoni, Mungu wangu, anaitaka.

Kisha Délice akageuza kichwa, akamtafuta baba yake. Alipomwona amesimama pale, akaacha kutafuna. Akakitoa chote kwa ulimi, taratibu, kikatiririka kwenye kidevu, bila kuondoa macho kwa baba.

Akimana akajaribu tena. Mtoto alilamba, akamtazama baba, akatema. Mara nyingine tena ilikuwa vilevile. Hyacinthe akauliza kama ana kidonda mdomoni, akamfungua mdomo kwa upole akachungulia, hakuna. Alianza kuitafuta karatasi ya hospitali.

Hapo Akimana akalia. Alilia bila sauti, na kwa mara ya kwanza tangu jana akamtazama mumewe usoni.

“Siku ya kwanza nilimupa, alikula,” akasema. “Alikula nusu, anacheka. Weye ukaingia ukamushika kidevu, ukamwambia, tema. Siku ya pili nikajificha naye mu jiko, ukatukuta, ukamwambia, tema. Sasa hakungojei umwambie.”

Nilijiandaa na maneno, nilikuwa nayo tele, yamepangwa nyuma ya meno tangu karakanani. Nilipomtazama mdogo wangu yakaniishia. Alikuwa ameshika kidevu chake mwenyewe, kwa vidole viwili, na sidhani kama alijua anafanya hivyo. Huyu ni mtu aliyemwosha baba kidonda kilichonuka mpaka majirani wakafunga madirisha, na hakuwahi kugeuza uso. Kwa upendo uleule alikuwa amemfundisha mwanawe kufa na njaa, na mtoto alikuwa msikivu.

Hyacinthe alikuwa ameshaanza kuandika. Frédéric akamwomba asubiri. Alikwenda akapiga magoti kwenye saruji mbele ya mkewe, na shati lake jeupe, akaipokea pakiti. Akaminya kidogo kwenye kidole chake. Délice alikuwa anamtazama.

Akakitia kidole mdomoni mwake mwenyewe.

Niliona uso wake ukipigana. Nilijua kwamba pale anaonja baba, anaonja mguu uliokatwa na soda zote za kaunta yangu, na kwamba angeweza hata sasa kugeuka akatema, na hakuna ambaye angemlaumu zaidi ya tulivyokwisha kumlaumu. Délice alikuwa ameinua kichwa kutoka kifuani kwa mama yake, anatazama koo la baba yake. Koo likapanda, likashuka. Frédéric akafungua mdomo wazi kumwonyesha kwamba hamna kitu.

Akaminya tena, akamsogezea.

“Meza, mama,” akamwambia binti yake. “Papa amemeza. Na weye meza.”

Délice akapokea, akatafuna, akangoja, macho kwa baba. Mkono wa Frédéric ulikuwa chini ya kidevu chake, umefunguka, tayari kupokea kitakachotemwa. Hakikutemwa kitu. Mtoto alimeza, kisha kwa vidole vyake vile vyembamba akakishika kidole cha baba yake akakirudisha mdomoni kukitafuta kilichobaki.